Xbox imegoma kutoa 4K kwenye televisheni ya 4K

"Nina Xbox Series X na televisheni ya 4K ya inchi 55. Filamu za 4K nikizifungua kwenye televisheni yenyewe zinatoka safi, lakini Xbox imeganda kwenye 1080p na chaguo la 4K limefifia, halichaguliki. Nimenunua kebo mpya yenye ncha za dhahabu, wapi. Juzi nikaingia kwenye Override auto-detect, nikachagua HDMI, nikaweka 4K. Skrini ikawa nyeusi tii, baada ya muda ikarudi 1080p. Nimpelekee fundi Xbox au televisheni? Xbox inaingia kwenye saundbaa, halafu saundbaa ndiyo inaingia kwenye televisheni, na sauti haina tatizo."

Usipeleke chochote kwa fundi kwa sasa. Sentensi yako ya mwisho, ile uliyoiandika kama nyongeza tu, ndiyo ambayo mimi ningeianza nayo. Na ile skrini nyeusi iliyokuvunja moyo ni ushahidi mzuri kuliko vyote ulivyonipa. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tuondoe mambo mawili yanayowapotosha wengi wanaokutana na hali hii.

La kwanza ni zile filamu. Filamu unayoifungua ndani ya televisheni inaingia kwa intaneti, inafunguliwa na prosesa ya televisheni, kisha inapelekwa moja kwa moja kwenye kioo. Haipiti kabisa kwenye tundu la HDMI. Kwa hiyo inathibitisha kwamba kioo chako ni cha 4K kweli, lakini haisemi lolote kuhusu tundu ambalo Xbox inalitumia. Kioo ni kimoja na matundu ni mengi, na si lazima matundu yote yawe na uwezo sawa na kioo, wala uwezo sawa yenyewe kwa yenyewe. La pili ni dhahabu. Dhahabu kwenye ncha inazuia kutu, basi. Kebo mbovu au nyembamba kwa kazi hii ina dalili zake nyingine: picha ya 4K inapatikana, ila inameremeta vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, au inazimika sekunde mbili na kurudi. Kebo ya namna hiyo kwa kawaida haifanyi chaguo lififie kwenye menyu. Tena Xbox Series X inauzwa na kebo yake ya HDMI ya kiwango cha juu kabisa ndani ya boksi. Kama bado unayo, irudishe hiyo na hii mpya itunze kwa king'amuzi.

Sasa tuje kwenye kiini. Kabla Xbox haijatoa picha yoyote, inauliza kwanza ilichounganishwa nacho kina uwezo gani. Ndani ya kebo ya HDMI kuna nyaya za makundi mawili ambayo kazi zake hazifanani. Kundi moja, linaloanzia pini ya 1 hadi ya 12, linabeba picha na sauti kwa kasi kubwa. Kundi jingine ni la mazungumzo: pini ya 18 inapeleka umeme mdogo wa volti 5 kutoka Xbox, pini ya 19 inaijulisha Xbox kwamba upande wa pili kuna kifaa, na pini za 15 na 16 zinatumika kusoma hati fupi iliyohifadhiwa kwenye televisheni. Hati hiyo inaitwa EDID. Ni kitambulisho cha televisheni: kina jina lake, ukubwa wa kioo, na orodha ya rezolusheni inazokubali. Kipande chake cha kwanza kina baiti 128, na kwa televisheni za HDMI hufuatiwa na kingine cha ukubwa huohuo chenye mambo ya picha za kisasa na sauti.

Xbox haina macho ya kutazama kioo chako. Inaamini hati hiyo na hati hiyo peke yake. Chaguo la 4K linapofifia, maana yake ni kwamba hati iliyosomwa haikutaja 4K ya kiwango ambacho Xbox inakihitaji, hata kama kwenye boksi la televisheni imeandikwa 4K kwa herufi kubwa kama za bango la duka.

Hapa hesabu ndogo itakusaidia kuona mpaka uko wapi. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, lakini pamoja na nafasi tupu zinazoachwa kati ya mstari na mstari na kati ya picha na picha, kinachosafirishwa ni 4400 kwa 2250. Zidisha kwa picha 60 za kila sekunde, unapata 594,000,000, yaani megahezi 594. Picha ya 1080p kwa hesabu hiyohiyo ni 2200 kwa 1125 kwa 60, yaani megahezi 148.5, robo yake kamili. Tundu la HDMI la toleo la 1.4, lililotoka mwaka 2009, linaishia megahezi 340. Linapitisha 1080p bila jasho, na hata 4K ya picha 30 kwa sekunde, ambayo ni megahezi 297. Kwa 4K ya picha 60 inabidi toleo la 2.0, la mwaka 2013, linalofika megahezi 600. Na kwenye hati ile ya EDID kuna baiti moja tu inayotangaza ukomo huo, kwa kipimo cha megahezi tano tano: ikiandikwa 120, tundu linasema "napokea mpaka 600." Baiti hiyo isipokuwepo, Xbox inachukulia kwamba ukomo ni ule wa zamani. Gemu lako lote la 4K linategemea namba moja ndani ya kitambulisho.

Namba hiyo inaweza kukosekana kwa sababu kuu tatu, na ni muhimu uzitofautishe, kwa kuwa dawa ya moja haitibu nyingine.

Sababu ya kwanza ni kwamba televisheni yenyewe inaificha kwa makusudi. Watengenezaji waliona kwamba vifaa vya zamani vikisoma hati mpya vingine vinachanganyikiwa, kwa hiyo wakaweka hati mbili kwa kila tundu, na swichi ndani ya menyu ya kuamua ipi ionyeshwe. Televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa hati ya zamani. Kwa Samsung swichi hiyo inaitwa `Input Signal Plus`, au `HDMI UHD Color` kwa matoleo ya nyuma. Kwa LG tafuta maneno `Deep Colour` kwenye mipangilio ya HDMI. Kwa Sony ni `HDMI signal format`, ambapo unatoka `Standard format` kwenda `Enhanced format`. Televisheni nyingine huandika waziwazi `HDMI 1.4` na `HDMI 2.0`. Swichi hii huwekwa kwa kila tundu peke yake. Ukiiwasha kwenye tundu la 1 halafu kebo iko kwenye tundu la 2, umefanya kazi bure.

Sababu ya pili ni mtu wa kati, na kwako ndiyo ninayoishuku zaidi. Saundbaa ikikaa katikati, Xbox haisomi hati ya televisheni. Inasoma hati ya saundbaa. Saundbaa nayo inachukua orodha ya televisheni, inafuta kila ambacho yenyewe haiwezi kukipitisha, inaongeza aina za sauti inazozijua, kisha inamwonyesha aliye nyuma yake hati hiyo iliyopunguzwa. Kama saundbaa yako ni ya enzi za HDMI 1.4, itafuta 4K ya picha 60 hata televisheni yako iwe mpya namna gani. Na sauti itakuwa nzuri kama unavyosema, maana sauti haidai nafasi kubwa. Niliwahi kuitwa nyumbani kwa mteja aliyekuwa ameshabadilishiwa televisheni dukani kwa tatizo hilihili, na ya pili nayo ikawa inagoma vilevile. Nilichomoa kebo moja kwenye saundbaa na kuichomeka kwenye televisheni, 4K ikatokea kabla sijakaa. Mwenye nyumba hakufurahi hata kidogo, nilimwelewa.

Sababu ya tatu ni hati kushindwa kusomwa kabisa, au kusomwa nusu. Kila kipande cha EDID kina baiti ya mwisho ya kuhakiki: ukijumlisha baiti zote 128, jumla lazima igawanyike kwa 256 bila baki. Isipogawanyika, kifaa kinachosoma kina haki ya kuitupa hati yote. Inatokea televisheni inapochelewa kuamka huku Xbox imeshauliza na kukosa jibu. Inatokea pini ya 15 au ya 16 ikiwa imelegea au imeungua. Inatokea kumbukumbu ya tundu ikiharibiwa na umeme uliokatika na kurudi kwa kishindo. Katika hali hii Xbox haijui lolote kuhusu iliyeunganishwa naye, kwa hiyo inashuka kwenye rezolusheni ya chini ambayo karibu kila televisheni inaipokea. Hapo ndipo unapokuta picha inaonekana vizuri huku utambuzi umekufa, jambo linalowashangaza watu mpaka wakumbuke kwamba picha na mazungumzo yanapita kwenye nyaya tofauti.

Sasa turudi kwenye ile `Override auto-detect` uliyoijaribu. Ipo kwenye `Settings`, kisha `General`, `TV & display options`, halafu `Video fidelity & overscan`. Ukiiondoa kwenye `Auto-detect` na kuweka `HDMI`, unaiambia Xbox iache kuisikiliza hati na ikuamini wewe. Haiongezi uwezo wa tundu, wala wa kebo, wala wa saundbaa. Ni sawa na kondakta anayeacha kuuliza daraja linabeba tani ngapi na kumwambia dereva apite tu: daraja likiwa imara na kibao ndicho kimefutika, mtavuka, daraja likiwa bovu kweli, mtaishia mtoni. Kwa hiyo chaguo hili ni dawa halisi ya sababu ya tatu, na si dawa ya mbili za kwanza. (Chaguo la `DVI` lililopo hapohapo achana nalo, hilo ni kwa monita za zamani, na utapoteza sauti kwenye kebo.)

Ndiyo maana skrini yako nyeusi inasema mengi. Ulilazimisha megahezi 594, na kitu fulani njiani hakikuweza kuzipokea. Kama hati tu ndiyo ingekuwa na kasoro na njia nzima ikawa salama, picha ya 4K ingetokea. Kwa hiyo njia yako ina kizuizi cha kweli, ama kwenye saundbaa, ama kwenye tundu la televisheni lililowekwa kwenye hali ya zamani, au vyote viwili. Kwanza rudisha `Auto-detect`, ili tusipime tukiwa tumejifunika macho.

Kisha fanya hivi, bila kuruka hatua. Zima Xbox kwa kubonyeza kitufe chake cha mbele kama sekunde kumi mpaka kizimike kabisa, siyo kulala. Chomoa nyaya za umeme za Xbox, saundbaa na televisheni ukutani, ukae kama dakika mbili. Televisheni inayozimwa kwa rimoti haizimiki, inaendelea kukumbuka mambo ya jana. Wakati huo chomoa kebo ya HDMI kutoka saundbaa na uichomeke moja kwa moja kwenye televisheni. Tafuta tundu lililoandikwa 4K pamoja na 60Hz au 120Hz. Kama yote hayana maandishi, tazama kitabu cha maelezo, kwa sababu zipo televisheni ambazo ni tundu moja au mawili tu yanayofika huko. Rudisha umeme, washa televisheni peke yake, chagua tundu hilo, ingia kwenye menyu yake na uwashe ile swichi niliyoitaja. Baadhi ya televisheni zitajizima na kujiwasha zenyewe hapo, usishtuke. Picha ikishatulia ndipo uwashe Xbox.

Ukishaingia, usikimbilie kubadilisha rezolusheni. Kwenye `TV & display options` fungua kwanza `4K TV details`. Huo ndio ukurasa ninaoupenda kuliko yote kwenye mashine hii, maana unakuonyesha Xbox imesoma nini kwenye hati: kila uwezo una alama ya vema ya kijani au alama ya kukataliwa. Ukiona vema kwenye 4K ya 60Hz, jambo limekwisha, rudi kuchagua `4K UHD` na utaikuta imeamka. Sasa rudisha saundbaa katikati na ufungue ukurasa uleule: vema zikipotea, mwizi umemkamata mkononi. Ukiona bado imekataliwa hata bila saundbaa, badilisha tundu na urudie. Tundu moja likikubali na jingine kukataa wakati swichi zote zimewashwa, hapo tatizo ni la tundu.

Inawezekana wakati wa majaribio haya ukabaki gizani na picha isirudi yenyewe. Kawaida ukibadilisha rezolusheni Xbox inauliza kama unaiona picha, na usipojibu kwa sekunde chache inarudi ilikotoka, kama ilivyokutokea. Isiporudi, toa diski kama ipo, izime kabisa, kisha bonyeza kwa pamoja kitufe cha Xbox na kile cha kutolea diski bila kuachia. Utasikia mlio wa kuwaka. Endelea kushikilia mpaka mlio wa pili, kama sekunde kumi baadaye. Itawaka kwa 640 kwa 480, herufi kubwa na mbaya kutazama, lakini utaweza kuingia kwenye mipangilio na kurekebisha.

Tuseme sasa imethibitika kuwa ni saundbaa. Una njia mbili za kweli. Ya kwanza haina gharama: iache Xbox kwenye televisheni, na saundbaa uiunganishe kwenye tundu la televisheni lililoandikwa ARC au eARC, ili sauti irudi kutoka televisheni kwenda saundbaa. Picha haiigusi tena saundbaa. Hasara yake ni kwamba ARC ya kawaida inabeba sauti ya mzunguko iliyobanwa tu, siyo ile isiyobanwa. Ikibidi, kwenye mipangilio ya sauti ya Xbox chagua sauti iliyobanwa ya Dolby ili spika zote zipate kazi. Kwa saundbaa ya umri huo sidhani kama sikio lako litatambua tofauti, ila sauti ikichelewa kidogo nyuma ya picha utaitambua, na hiyo hurekebishwa kwenye menyu ya sauti ya televisheni. Njia ya pili ni kununua saundbaa mpya inayopitisha 4K ya picha 60 au zaidi. Kwa ajili ya tatizo hili peke yake siishauri. Hela hiyo ni ya kitu kingine.

Na ikiwa tundu lako ni lile la sababu ya tatu, yaani umeunganisha moja kwa moja, swichi imewashwa, kebo ni ya boksini, matundu mengine yanakubali na hili halitambui kitu, basi una hiari. Hamia tundu jingine na usahau. Kama matundu mengine yote yana kazi, ndipo `Override auto-detect` inapopata mahali pake: weka `HDMI`, chagua 4K, na kama picha inatokea na inatulia kwa saa nzima ya gemu bila kuzimika, endelea nayo. Ujue tu kwamba Xbox imeacha kuuliza, kwa hiyo siku ukiihamishia kwenye televisheni ya rafiki isiyo ya 4K utaanza na giza; irudishe kwenye `Auto-detect` kabla hujaichomoa.

Fundi ana nafasi katika hali mbili. Moja ni pale matundu yote ya televisheni yanapokosa utambuzi kwa Xbox na kwa kifaa kingine chochote utakachokopa, hasa kama ilianza baada ya radi au umeme kurudi kwa nguvu. Nyingine ni pale Xbox inapokosa utambuzi kwenye televisheni mbili tofauti zenye uwezo unaojulikana. Hapo chungulia kwa tochi tundu la nyuma ya Xbox, utazame kama kuna pini iliyopinda au ulimi wa plastiki uliovunjika, jambo linalotokea sana mashine ikivutwa kebo ikiwa imechomekwa. Ukifika kwa fundi usiseme "haionyeshi 4K," maana atabadilisha kebo, atakutoza, na utarudi nyumbani na 1080p yako. Mwambie picha inapita ila EDID haisomeki kwenye tundu fulani, na umwombe apime pini za 15, 16, 18 na 19 kabla hajagusa kitu kingine.